Ukiambiwa "Vumilia Kama Ayubu", Uliza Ayubu Yupi

Wasee wangu, leo sina vidio ya kuchekesha. Leo nahubiri, na mahubiri yangu yananuka samaki kwa sababu mimi ni wa Obunga.

Kwa wale hamjawahi kufika huku: viwanda vya samaki Kisumu vinatoa minofu ya mbuta ya kuuzwa ng'ambo. Kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa, ndicho tunaita mgongo wazi. Akina mama wa mtaa wetu wanaununua, wanauosha, wanauanika juani, halafu wanaukaanga kwa mafuta moto. Adui yao ni mvua. Samaki aliyeanza kukauka akinyeshewa, usiku haumalizi vizuri kabla hajaanza kuteleza ukimshika, nyama inaachana na mfupa yenyewe, na inzi wanajua kabla yako.

Majuzi mvua ilimpata dani mmoja jirani yetu. Mzigo wote ulikuwa wa deni. Alikaa chini kwenye matope akalia kwa sauti, na kabla hata hajapangusa uso, mtu mmoja wa kanisa akamwambia, "Nyamaza, mama. Vumilia kama Ayubu."

Hiyo ilinikera, bana. Nilienda nikasoma kitabu cha Ayubu chote, sura 42. Ayubu anavumilia kimya sura mbili za kwanza tu. Sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na kutoka hapo analalamika, anabishana, anamwita Mungu waonane ana kwa ana. Marafiki zake walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kumhubiria ndipo wakaharibu, na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, sio yeye. Halafu Yakobo, kwenye barua yake, anamtaja mtu huyohuyo kama mfano wa uvumilivu. Kwa hivyo kulia hakukumtoa kwenye orodha.

Nikamuuliza rafiki yangu ustadhi, maana Waislamu pia wana Ayubu. Akanionyesha sura ya Swad. Kule Ayubu anamlilia Mola wake, na jibu analopata ni amri: piga ardhi kwa mguu wako. Anapiga, maji yanatoka, ya kuoga na ya kunywa. Mtu mgonjwa vile, na bado kuna kitu kidogo cha kufanya na mguu wake mwenyewe.

Ustadhi akaniongezea hadithi ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Mtume akapita, akamwambia amche Mungu na asubiri. Mama akamjibu amwache, kwani yeye hajapigwa na msiba kama wake. Hakujua anaongea na nani. Alipoambiwa, akamfuata hadi kwake kujieleza, na Mtume akamfundisha kwamba subira yenyewe ni ile ya pigo la kwanza. Mimi nasikia hivi: wiki ijayo kila mtu atakuwa ametulia. Swali ni lile saa moja la mwanzo, utalifanyia nini.

Wabudha nao wana Kisa Gotami, aliyebeba maiti ya mtoto wake akitafuta dawa. Buddha akamwambia alete haradali kutoka nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Akabisha mlango baada ya mlango. Haradali ilikuwepo kila mahali, nyumba ya namna hiyo hakuna. Angeambiwa tu "kila mtu hufa", sidhani angesikia. Ilibidi atembee, asikie kila mtu akitaja wake.

Sasa turudi kwa dani. Alilia, ndio. Halafu akasimama akaanza kuchagua. Ambao walikuwa wameanza kuteleza akawatupa, na hapo hakujidanganya, maana ukichanganya mmoja aliyeoza unapoteza wateja wote. Waliobaki imara akawaosha na chumvi. Lazima wangekaangwa usiku huohuo, na yeye alikuwa na karai moja na kuni zimelowa. Akaenda kubisha. Nyumba ya kwanza akapewa makaa, ya pili karai, na kila mlango mama wa ndani akamwambia mvua yake yeye ilikuwa lini. Mimi nilishika tochi ya simu. Nilijaribu kugeuza samaki mapema, akavunjika, nikafukuzwa pale jikoni kwa Kijaluo kikali.

Yule mtu wa kanisa alirudi saa nne usiku. Safari hii hakusema kitu, alileta kuni kavu akakaa.

Karibu nusu ya mzigo iliokolewa. Haikutosha deni. Asubuhi, kabla ya kupeleka sokoni, dani alijifunga leso akaenda kwa mwenye pesa yake kuomba siku nne, ili asije akatafutwa yeye kwanza. Akapewa mbili.