Asante kwa Watu wa Kadutu

Kwa Baba Mudogo, Mama Mudogo na watoto wote wa nyumba. Barua niliyowaachia ilikuwa ya mistari miwili, maana mashua ilikuwa karibu kuondoka. Leo nimepewa nafasi katika gazeti letu, njo naongeza.

Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 na nyumba yetu ya Buhene ikaungua. Tarehe 27 serikali ikaamuru watu wahame Goma. Tulifika Bukavu watu sita, bila kuarifu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba. Tulikaa paka Agosti. Mama Mudogo hakuuliza hata mara moja tutarudi lini.

Wakati ule sikujua hesabu yake. Robine ilitoa maji usiku tu, na mulima wa Kadutu si muchezo. Mbele yetu walitumia bidoni tano za lita 20 kwa siku. Pamoja na sisi zikawa tisa. Yaya mukubwa aliamuka saa tisa ya usiku kuzijaza, na hakutuamsha.

Tena kuna sambaza. Kila tulipokula, Mama Mudogo alichukua bugali na sombe tu, eti sambaza zinamunukia. Siku ya kuondoka, kule bandarini, mutoto mudogo akaniambia: "Sasa mama atakula tena sambaza, anazipenda sana."

Ni mimi mutoto wenu, wa mwaka wa sita.