Moto Baridi

Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika shairi lake "moto baridi wa kimulimuli". Nikaupiga mstari mwekundu: moto hauwi baridi. Leo nakiri kwamba aliyekosea ni mimi.

Tumboni mwa kimulimuli haliungui kitu. Mna kemikali iitwayo lusiferini, ambayo huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi, na nishati ya muungano huo hutoka kama nuru, karibu bila joto lolote. Mdudu akitua kiganjani huhisi ila miguu yake. Neva zake ndizo ziamuazo oksijeni ifike lini. Ikifika, taa huwaka, ikizuiwa, huzimika.

Na huko kuwaka na kuzimika (nyie wenzangu mtanielewa) ni mizani hasa. Dume wa spishi moja ya mashariki mwa Marekani huruka magharibi akichora mwanga mfano wa herufi J, kila baada ya sekunde sita hivi. Jike, aliyetulia majanini, hungoja kama sekunde mbili, kisha hujibu kwa mweko mmoja. Akikosea kituo hicho, dume hupita zake. Spishi nyingine zina mweko na kituo chake, ndipo kila mmoja humtambua wa kwao gizani. Ila wapo majike wakubwa wa jamii nyingine waghushio jibu hilo. Dume akishuka, huliwa.

Yule mwanafunzi nilimpa alama nne kwa kumi. Shairi lenyewe sikulihifadhi.