Butembo: Mtihani wa vitabu wazi, na namna tunavyopanga sheria ili zionekane haraka

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya sokoni. Naleta habari ya karatasi. Mimi mwandishi wenu ni mwanafunzi wa sheria pia, na juma hili tunatayarisha mtihani wa sheria ya utawala. Ni mtihani wa vitabu wazi: unaruhusiwa kuingia na Katiba, sheria, hukumu na kaye yako. Kati yetu tunaosoma pamoja kuna wenzetu waliokimbia vita, walioacha vitabu nyumbani. Kwa hiyo tunatumia farde moja ya fotokopi, tukiizungusha nyumba kwa nyumba.

Watu wanafikiri vitabu wazi ni mtihani mwepesi. Fanya hesabu kwanza. Saa tatu ni dakika 180. Maswali ni matano, kila moja lina dakika 36. Kila swali linakuomba ufungue vifungu karibu vinne. Kama kutafuta kifungu kimoja kunakula dakika tano, dakika 20 zimeisha kabla hujaandika lolote, na zinabaki 16 za kufikiri na kujibu. Kama kutafuta kunakula dakika moja, unabaki na 32. Anayefeli huwa na kitabu mezani, lakini hajui kitu kiko ukurasa gani.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuhakikisha kwamba karatasi zenyewe ni nzuri. Katiba yetu ni ya tarehe 18 Februari 2006, lakini sheria namba 11/002 ya tarehe 20 Januari 2011 ilibadilisha vifungu nane: 71, 110, 126, 149, 197, 198, 218 na 226. Fotokopi nyingi zinazozunguka mjini ni za maandishi ya zamani. Kuna njia rahisi ya kuzitambua. Fungua kifungu cha 71 kinachosema namna Rais anavyochaguliwa. Kama kinaomba zaidi ya nusu ya kura na duru ya pili, hiyo ni Katiba ya 2006. Kama kinasema anashinda mwenye kura nyingi tu, hiyo ni ya 2011. Katika sheria ya utawala, hatari kubwa iko kwenye 197 na 198, kwa sababu hapo ndipo panasemwa lini Rais anaweza kuvunja baraza la jimbo au kumwondoa gavana. Sisi tulikata vifungu vya zamani kwa biki nyekundu na kubandika vipya juu yake.

Kisha tukapa kila andiko herufi moja. K ni Katiba. M ni sheria namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016 juu ya mahakama za utawala. E ni sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi. S ni ordonansi mbili za tarehe 3 Mei 2021, namba 21/015 na 21/016, zilizoleta hali ya dharura ya kijeshi, ile tunayoiita eta de sieje, hapa Kivu ya Kaskazini na Ituri. H ni hukumu. Katika kaye tunaandika namba ya kifungu, wala si namba ya ukurasa, kwa sababu kila fotokopi ina kurasa zake, lakini kifungu cha 61 kinabaki 61 popote.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Wengi wanapanga kaye yao kwa jina la sheria: ukurasa wa Katiba, ukurasa wa mahakama, na kadhalika. Lakini swali la mtihani halikuji na jina la sheria. Linakuja na karatasi ya mkubwa fulani iliyomuumiza raia fulani. Kwa hiyo tumeipanga kaye yetu kwa maswali manne ambayo kila karatasi ya serikali inaleta: Nani ametia sahihi? Karatasi inawahusu watu wote au mtu mmoja? Raia aliijua tarehe gani? Na wakati huo kulikuwa na hali ya dharura au hapana? Chini ya kila swali kuna maneno ya kawaida, na mbele ya kila neno kuna herufi na namba.

Tuone kwa mfano tuliojitungia sisi wenyewe kwa mazoezi. Katika hali ya dharura, gavana wa kijeshi ametia sahihi arete inayokataza vibanda vyote kandokando ya barabara fulani. Arete imetangazwa tarehe 2 mwezi wa tatu. Tarehe 20 mwezi wa nne, mama mmoja mkimbizi anapewa barua yenye jina lake: kibanda chake kinachukuliwa pamoja na mbao. Anakuja kwako tarehe 10 mwezi wa sita. Umshauri nini?

Swali la kwanza ni nani ametia sahihi. Sheria ya 2016 imegawa kazi kwa ngazi: matendo ya wakubwa wa Kinshasa yanakwenda Konsei Deta, ya wakubwa wa jimbo yanakwenda korti ya rufani ya utawala, na ya mji, teritwari, komini, sekta au sheferi yanakwenda tribinali ya utawala. Gavana ni mkubwa wa jimbo. Hapa kuna mtego, maana gavana wa kijeshi amewekwa na Rais, hakuchaguliwa na baraza la jimbo. Je, amekuwa mtu wa Kinshasa? Jibu zuri linaonyesha hoja zote mbili, kisha linachagua. Sisi tunachagua jimbo, kwa sababu anafanya kazi ya jimbo, hata kama amewekwa kwa njia nyingine. Na kama korti hiyo ya utawala haijaanzishwa? Katika kaye, neno « haijaanzishwa » linakupeleka K 224: wakati wa kungoja, Korti ya Rufani ya kawaida inafanya kazi hiyo. Mwanafunzi asiye na neno hilo anaandika kwamba mama hana pa kwenda.

Swali la pili na la tatu yanakwenda pamoja, na hapa ndipo alama nyingi zinapotea. Kabla ya kwenda mahakamani kuomba karatasi ifutwe, raia anapaswa kwanza kumwandikia mkubwa aliyeitia sahihi, akimwomba airudishe au aibadilishe. Ana miezi mitatu. Kwa karatasi ya watu wote, miezi inahesabiwa tangu ilipotangazwa. Kwa karatasi ya mtu mmoja, inahesabiwa tangu alipoipokea. Arete ya tarehe 2 mwezi wa tatu imekwisha kufungwa tarehe 2 mwezi wa sita. Mama amechelewa siku nane. Mwanafunzi mwenye haraka anaishia hapo. Lakini kuna karatasi mbili! Barua ya kuchukua kibanda ni karatasi ya mtu mmoja, ameipokea tarehe 20 mwezi wa nne, na mlango wake uko wazi hadi tarehe 20 mwezi wa saba. Tarehe 10 mwezi wa sita mama ana wakati wa kutosha. Ndiyo maana juu ya ukurasa huo wa kaye tumeandika kwa herufi kubwa: HESABU KARATASI KABLA YA KUHESABU SIKU.

Swali la nne ni hali ya dharura. Ordonansi 21/016 iliwapa wakubwa wa kijeshi nguvu nyingi juu ya usalama, kama vile kupekua nyumba mchana na usiku na kukataza mikutano. Wengi wanahitimisha kwamba raia hawezi tena kushitaki. Fungua K 61: kinataja haki ambazo haziguswi hata wakati wa hali ya dharura, na haki ya kujitetea na ya kukata rufaa imo. Fungua pia K 144: hali hiyo inatangazwa kwa siku 30, na baada ya hapo mabaraza mawili ya bunge yanaiongeza kwa siku 15, mara kwa mara. Kwa hiyo tarehe ya karatasi inapaswa kuangukia ndani ya siku zilizoongezwa.

Kwa hukumu tumejizuia. Kila hukumu ina mistari mitatu tu: kilichotokea, mahakama ilisema nini, na tunaitumia wapi. Tatu zinatusaidia katika mfano huu, zote za Ufaransa. Heyriès ya 28 Juni 1918 inasema wakati wa vita serikali inaweza kupata nguvu kupita kawaida. Benjamin ya 19 Mei 1933 inasema mkubwa hawezi kukataza kabisa kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kulinda usalama. Dame Lamotte ya 17 Februari 1950 inasema raia anaweza kuomba karatasi ya serikali ifutwe hata kama hakuna andiko linalosema hivyo. Pembeni ya kila moja tumeandika « ya kigeni », kwa sababu inasaidia hoja lakini haimfungi jaji wa Kongo. Ukianza jibu kwa Benjamin kabla ya K 61, mwalimu anakukata.

Neno moja limezua mazungumzo marefu katika kikundi chetu, nalo ni « fidia ». Mwenzetu mmoja aliyekimbia pande za Oicha aliuliza: « Yaya, basi K 155 inalipa nyumba yetu iliyochomwa? » Kifungu hicho kinaruhusu Konsei Deta kutoa fidia kwa hasara isiyo ya kawaida. Tulikisoma polepole pamoja. Kina masharti mawili: hasara itokane na jambo lililofanywa au kuamriwa na wakubwa wa Jamhuri, na kusiwe na mahakama nyingine yenye uwezo. Nyumba iliyochomwa na waasi haiingii hapo kwa urahisi. Nyumba iliyobomolewa kwa amri ya mkubwa inaweza kuingia. Mwenzetu alinyamaza kidogo, kisha akaandika masharti hayo mawili pembeni ya neno kwa mkono wake.

Kila jioni tunajipima. Mmoja anashika simu yenye saa na kutaja neno: « kibanda », « kimya cha serikali », « meya ». Mwingine anatafuta. Tumejipa sekunde 45. Anayepita muda hatumlaumu. Tunamuuliza alianza kutafuta chini ya neno gani, na neno hilo tunaliongeza katika kaye, likionyesha kifungu kilekile. « Kimya » kimeingia hivyo, maana mmoja wetu hakufikiri « kukataliwa ». Mkubwa asipojibu barua ya raia, baada ya muda uliowekwa na sheria kimya chake kinahesabiwa kuwa amekataa, na hapo mlango wa mahakama unafunguka.

Kaye yetu sasa ina kurasa kumi na mbili. Hatutaki zizidi, kwa sababu kaye nene inageuka kitabu kingine cha kutafutwa. Na kwa ninyi mulio ukimbizini, musio na mtihani wowote, chukueni jambo moja hapa: mukipewa karatasi ya mkubwa yoyote, andikeni nyuma yake tarehe muliyoipokea, siku hiyohiyo, na muitunze. Mwanasheria yeyote atakayewasaidia ataanza kwa kuuliza tarehe hiyo.