Maelezo ya Utafiti: Kuonyesha Unakotoka na Unakokwenda

Wengi wetu tunajua barua ya maombi ya kazi na wasifu. Anayeomba nafasi ya mhadhiri chuo kikuu mara nyingi hudaiwa karatasi ya tatu, nayo ni maelezo ya utafiti. Ni kurasa mbili, wakati mwingine tatu, ambamo mwombaji anaeleza amechunguza nini, sasa anachunguza nini na atachunguza nini akipewa kazi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachowashinda wengi.

Tumelijua hili kwa sababu Mwalimu wetu wa Mantiki alituomba tusome rasimu yake. Yeye ni mlei, ana shahada ya uzamivu katika falsafa, na kwa miaka sita amekuwa akifundisha kwa mkataba wa muda mahali zaidi ya pamoja, akilipwa kwa vipindi. Chuo kikuu kimoja kilitangaza nafasi ya kudumu. Tulikuwa mafrateri wanne wa mwaka wa tatu wa Falsafa, na tulijua vizuri kwamba akiipata, sisi tutampoteza. Alituambia, "Ninyi si wabobezi wa mada yangu, na watakaonisoma pia wengi wao si wabobezi. Someni kama wao."

Alikuwa sahihi. Jopo la ajira huwa na mwanafalsafa mmoja au wawili, na pembeni yao huketi watu wa sheria, lugha au sosholojia, pamoja na mtu wa utumishi. Wanasoma maombi mengi kwa siku chache. Hawasomi ili wajifunze falsafa. Wanatafuta majibu ya maswali matatu: mtu huyu anasumbuliwa na swali gani, atakuwa na kazi ya kufanya tasnifu yake ikiisha kuchapishwa, na je, kazi hiyo inafanyika hapa kwetu, kwa muda na fedha tulizo nazo?

Rasimu ya kwanza haikujibu hata moja. Ilianza hivi: "Tasnifu yangu ina sura tano. Sura ya kwanza inajadili..." Ikaendelea hivyo hadi katikati ya ukurasa wa pili, halafu ikamalizia: "Siku zijazo ninakusudia kuendelea na Hume na Reid, na pia kuandika kuhusu maadili ya tiba, mazingira na falsafa ya Kiafrika."

Tulichukua kalamu za rangi tatu. Sentensi inayosema jambo lililokwisha tuliipigia mstari mwekundu, linaloendelea bluu, na lijalo kijani. Karatasi yote ikawa nyekundu, kijani ikaonekana mistari miwili tu mwishoni. Mwalimu aliitazama akasema, "Hii ni maiti iliyofanyiwa uchunguzi vizuri." Yeyote anayeandika maelezo ya namna hii anaweza kufanya jaribio hili peke yake. Hakuna kipimo kimoja kwa fani zote, lakini kama kijani haifiki hata theluthi moja, msomaji atadhani safari imekwisha.

Hatua ya pili ilikuwa kutafuta swali. Tasnifu yake ililinganisha wanafalsafa wawili wa Uskoti wa karne ya 18 kuhusu ushuhuda, yaani kuamini jambo kwa sababu mtu fulani amelisema. David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1748 kuhusu uelewa wa binadamu, alidai kwamba tunaamini maneno ya watu kwa sababu uzoefu umetuonyesha kuwa kwa kawaida yanalingana na mambo yalivyo. Thomas Reid, mwaka 1764, alijibu kwamba mtoto mchanga hana uzoefu huo na bado anaamini. Kwa hiyo, alisema, tumeumbwa na mwelekeo wa kusema kweli na mwelekeo wa kuamini, na uzoefu huja baadaye kuupunguza.

Tulimuuliza Mwalimu kwa nini jambo hili lilimshika kwa miaka yote hiyo. Hakujibu kwa Hume wala kwa Reid. Alisema kwamba kijijini kwao aliwahi kuona mjane akieleza mpaka wa shamba kwa usahihi kabisa, na hakuna aliyemsadiki mpaka shemeji yake alipoyarudia maneno yaleyale. Tukamwambia, swali lako ndilo hilo: neno la mtu linapata wapi uzito wake, na kwa nini maneno yaleyale huwa mazito kinywani mwa mmoja na mepesi kinywani mwa mwingine?

Swali hilo likawekwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, katika sentensi mbili. Hapo tukaona lipi la kubaki na lipi la kuondoka. Maadili ya tiba na mazingira yaliondoka, kwa sababu hayakuzaliwa na swali hilo. Mwalimu alisita, maana alihofia kuonekana ana mambo machache. Lakini mtu anayeahidi miradi mitano isiyohusiana huonekana hana hata mmoja.

Hatua ya tatu ilikuwa kuunganisha aya. Katika rasimu, aya zilianza kwa "pia", "vilevile", "mbali na hayo". Tulijaribu kubadilishana nafasi za aya mbili, na hakuna kilichoharibika. Hiyo ni dalili kwamba ulichonacho ni orodha tu. Njia huwa na hatua ambayo huwezi kuifikia bila kupita ile ya kabla yake. Kwa hiyo tukamtaka aandike, mwishoni mwa kila aya, kazi hiyo iliacha nini bila kujibiwa.

Ndipo mwelekeo ukajitokeza wenyewe. Hume na Reid wote wawili wanauliza kama tuna haki ya kuamini, lakini hawaingii sana katika dhuluma anayotendewa msemaji asiyeaminiwa. Pengo hilo lilimpeleka kwenye kazi anayofanya sasa, juu ya kitabu cha Miranda Fricker cha mwaka 2007 kuhusu dhuluma katika ujuzi. Fricker anaonyesha kwamba mtu hudhulumiwa anapopunguziwa kuaminika kwa sababu ya ubaguzi alionao msikilizaji, na mfano wake mmojawapo ni wa riwaya, mshtakiwa mweusi mbele ya wazee wa baraza weupe. Lakini Fricker anazungumza zaidi juu ya maadili ya msikilizaji mmojammoja. Je, chombo kizima, chenye kanuni zake, kinawezaje kusikiliza vibaya au vizuri? Swali hilo ndilo lililofungua mlango wa kazi ijayo.

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu zaidi, jioni tatu. Mradi ujao hauandikwi kwa neno "ninakusudia" peke yake. Kila mradi tuliutaka useme swali lake, utatumia nini, utatoa nini, lini, na nini kinaweza kuukwamisha.

Mradi wa karibu aliupa miezi kumi na minane: makala mbili, moja ya Reid kutoka kwenye tasnifu na moja ya Fricker, zinazohitaji maktaba na muda tu. Mradi huu hauna msisimko, lakini unamwambia msomaji kwamba mwaka wa kwanza hautapita mikono mitupu. Hali ya kila makala iliandikwa wazi: moja "inapitiwa na jarida", nyingine "inaandikwa". Maneno haya hayalingani na "imekubaliwa", wala "imekubaliwa" hailingani na "imechapishwa". Mjumbe wa jopo akiuliza na neno likaonekana limepambwa, karatasi yote hupoteza uzito, na aibu ni kubwa zaidi kwa mtu anayechunguza kuaminika.

Mradi wa mbali aliupa miaka minne, nao ulihusu mabaraza ya ardhi ya vijiji. Mabaraza haya yamo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kila moja lina wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mara nyingi hakuna ramani wala hati, kuna maneno ya majirani na wazee tu. Kwa swali la Mwalimu, hakuna mahali pazuri zaidi: je, kanuni ya kuwa na wanawake watatu mezani inabadilisha namna neno la mjane linavyosikilizwa, au inabadilisha tu waliokaa mezani?

Rasimu ya pili ilisema atatembelea vijiji kumi na viwili. Mmoja wetu, Frateri aliyewahi kuishi na mtendaji wa kijiji, akauliza: kwa kibali gani? Barua huanzia chuoni, hupita kwa Katibu Tawala wa mkoa, hushuka wilayani, ndipo ifike kijijini. Tena mwanafalsafa hakufundishwa kukusanya habari za nyanjani. Kwa hiyo vijiji vikawa vitatu, na akaongezwa mshirika kutoka idara ya sheria ya chuo kilekile, ambacho tangazo lake lilitaja ushirikiano wa idara. Na kibali kikichelewa? Migogoro mingine hupanda hadi Mahakama Kuu, na hukumu zake nyingi husomeka bure kwenye TanzLII. Mwalimu angeanza na hizo, aone majaji wanasema nini wanapoeleza kwa nini wamemwamini shahidi mmoja na kumkataa mwingine. Kikomo chake nacho kiliandikwa: hukumu huonyesha kesi zilizofika Mahakama Kuu tu, si zile zilizokwisha chini ya mwembe.

Mwisho tuliifupisha tasnifu. Sura tano zikawa aya moja ya sentensi sita: swali, Hume, Reid, hoja yake mwenyewe, kilichochapishwa, kilichobaki. Aliumia, kwani ile ni jasho la miaka mitano. Lakini tasnifu yenyewe ipo maktaba, na anayetaka sura zake atazipata huko. Tulipopiga tena mistari ya rangi, kijani ilikuwa karibu nusu ya karatasi.

Mwalimu aliituma siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Mwezi uliofuata aliitwa kwenye usaili, na alitusimulia kwamba swali la kwanza lilitoka kwa mjumbe wa fani nyingine kabisa: "Ukinyimwa kibali cha kwenda vijijini, utafanya nini?" Jibu lilikuwa ukurasa wa pili, aya ya nne. Matokeo bado hayajatoka. Jumatatu hii ametufundisha kama kawaida, saa mbili kamili asubuhi, akaturudishia mazoezi ya Mantiki yakiwa na mistari ya rangi tatu: nyekundu kwa dai, bluu kwa sababu, kijani kwa hitimisho. Ya wengi wetu yalikosa kijani.