Baada ya Tauni: Nani Alifaidika na Uhaba wa Watu?

Mwanafunzi mmoja kutoka Geita, ambaye wakati wa likizo hushuka duarani kuchimba mawe ya dhahabu, aliniuliza swali darasani: “Mwalimu, je, ujira wetu ni mdogo kwa sababu tuko wengi mno?” Siku hiyo tulikuwa tukijadili tauni ya karne ya 14. Nilianza kumjibu ndiyo, kisha nikasita. Makala haya ndiyo jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Mwaka 1346 tauni ilikuwa imefika Kaffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa huko Krimea. Iliwaenea panya na kubebwa na viroboto. Panya walipokufa, viroboto walitafuta damu ya binadamu. Mgonjwa alivimba mitoki, na wengi walikufa ndani ya siku chache. Meli ziliivusha baharini, na mwaka 1347 ikatua Messina na Iskandaria. Kiangazi cha mwaka 1348 ilikuwa imefika kusini mwa Uingereza. Huko iliua kati ya theluthi na nusu ya watu.

Mashamba yalibaki, wavunaji wakapungua. Walionusurika walidai ujira mkubwa zaidi, na asiyeridhika alihamia kwa bwana mwingine. Serikali haikuliacha soko liamue. Mwezi Juni 1349 Mfalme Edward wa Tatu alitoa amri kwamba kila mwenye nguvu aliye chini ya umri wa miaka 60, asiye na ardhi wala kazi yake mwenyewe, amtumikie anayemhitaji kwa ujira wa kabla ya tauni. Sheria ya Bunge ya mwaka 1351 ilitaja hata viwango: mvunaji alipwe peni 2 kwa siku katika juma la kwanza la Agosti, kisha peni 3, bila chakula. Aliyeacha kazi kabla ya muda wa mkataba aliweza kufungwa.

Sheria hiyo iliwatesa wengi, lakini haikuwazuia wote. Mwenye shamba ambaye ngano yake ilikuwa ikipukutika alimpa mvunaji chakula au fedha za siri, huku akimshtaki jirani yake kwa kosa hilohilo. Hata hivyo mkate ulibaki ghali, na nyongeza ya peni ikaliwa na bei. Ni baada ya mavuno mema ya katikati ya miaka ya 1370 ndipo ujira ulipoanza kununua chakula kingi zaidi kuliko zamani. Mwaka 1381, kodi ya kichwa ilipoongezwa juu ya chuki hiyo, wakulima waliandamana hadi London.

Misri ilipigwa na tauni ileile, lakini mkulima wake hakupata nafuu hiyo. Mashamba ya bonde la Nile yalitegemea mifereji na matuta yaliyohitaji mikono mingi kila mwaka. Watu walipokufa, mifereji iliziba na ardhi ikaharibika. Wamamluki waliopewa mapato ya vijiji waliishi mjini, nao hawakushindana kwa ujira ili kuwavuta wakulima. Waliendelea kudai mapato yaleyale kutoka kwa watu wachache waliosalia. Mkulima akitoroka, alisakwa.

Tofauti hiyo inanirudisha nyumbani Shinyanga. Babu yangu alikwenda Tanga kukata mkonge, akiwa manamba. Mashamba ya mkonge yalilia uhaba wa watu miaka mingi, ila ujira haukupanda kwa kadiri ya kilio hicho. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kuvunja mkataba kwa kutoroka lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo chao cha pamoja cha kuajiri vibarua, kwa hiyo hawakulazimika kunyang'anyana watu kwa kupandisha ujira. Kilichomwokoa babu ni pamba. Ilipostawi Usukumani, alipata fedha shambani mwake na hakurudi tena Tanga.

Kwa hiyo nimjibu mwanafunzi wangu hivi. Wingi wa vijana duarani unapunguza nguvu yenu, hilo ni kweli. Lakini uchache peke yake haukumtajirisha mkulima wa Misri, wala manamba wa Tanga. Mvunaji wa Uingereza alinufaika pale alipoweza kuondoka, na mabwana waliposhindwa kushikamana. Utakaporudi Geita, usihesabu vichwa tu. Uliza mkataba wako umeandikwa wapi, nani anayepima mawe kabla ya mgawo, na ukiondoka leo, utakula nini kesho.