Jina la Bangoni na Jina la Kwenye Risiti

Alinijia kijana niliyewahi kumfundisha, ambaye alikuwa mhudumu katika hoteli moja mjini Mbeya. Alidai mishahara ya miezi mitatu. "Shikamoo Mwalimu. Nimewaandikia mara mbili, wanasema hawanijui," aliniambia. Nilipoisoma barua yake nikaelewa. Alikuwa ameipeleka kwa kampuni ambayo jina lake limeandikwa bangoni, nayo ilikuwa imekodisha jina tu.

Hoteli moja huweza kuwa na kampuni tatu: yenye jina, yenye jengo, na inayoiendesha kila siku. Tazameni Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965. Baadaye iliitwa Kilimanjaro Kempinski, na leo ni Hyatt Regency. Jina lilipotoka Kempinski kwenda Hyatt, mwenye jengo hakubadilika.

Tulianza kumtafuta mwenye jengo. Bango halisaidii hapo. Kinachohitajika ni namba ya kiwanja na kitalu, kisha maombi ya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Hati ilionyesha kampuni ya pili, ambayo ilikuwa imepangisha jengo zima na haikuwa imemwajiri mtu yeyote.

Kampuni ya tatu tuliipata kwenye karatasi ndogo kabisa: risiti ya mashine ya kodi. Juu yake huandikwa jina la mlipakodi na namba yake ya utambulisho, hata kama bango linasema jina lingine. Taarifa ya michango ya kijana huyo katika NSSF ilikuwa na jina hilo hilo la mwajiri. Tukalitafuta katika daftari la kampuni la BRELA, tukapata anwani iliyosajiliwa, mjini Iringa.

Hata hivyo, risiti peke yake isiwadanganye. Mwendeshaji akiwa mpangaji, mapato na wafanyakazi kwa kawaida ni vyake. Akiwa meneja wa kulipwa ada, mara nyingi vyote viwili hubaki vya mwenye jengo, na risiti hutoka kwa jina lake. Kwa hiyo mwenye madai ya mshahara aanze na mkataba wa ajira na taarifa ya NSSF, ndipo alinganishe na risiti.

Kosa hili lina gharama. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Kijana wangu alikuwa amezimaliza 47 akibishana na bango. Tulifungua shauri siku ya 55, safari hii dhidi ya jina lililokuwa kwenye risiti. Angechelewa zaidi ya hapo, angelazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na kusema kwamba alisoma bango vibaya ni sababu dhaifu.