Kirotshe: kipande kidogo kabla ya picha kubwa

Kirotshe, Masisi. Mama mmoja aliyehama makwao alibaki na sura ya mume wake ndani ya simu tu. Familia ilichanga franka kwa picha moja kubwa ya ukumbusho, na hakukuwa na pesa ya kuitoa mara mbili.

Alipofika Goma, hakuanza kuuliza bei. Sekretaria ya kwanza, ya bei ndogo, ilikataa kutoa kipande cha majaribio: lipa kwanza, picha utaiona ikiisha. Akaondoka, na alifanya vizuri. Ya pili ilikubali kutoa kipande cha ukubwa wa kiganja kwa malipo kidogo, kwenye mashine ileile na karatasi ileile ya picha kubwa. Hapo ndipo penye maana, kwa sababu karatasi ya kawaida hunywa wino na kufifisha rangi. Jaribio lake halisemi lolote juu ya karatasi ya picha.

Alikuja na kikwembe alichovaa siku ya picha ile. Kwanza alikilinganisha na simu, maana simu nyingine hubadilisha rangi tangu wakati wa kupiga. Vilifanana. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo alipunguza mwanga wa simu hadi nusu. Kisha wakangoja dakika chache wino ukauke, wakatoka mlangoni, kivulini. Chini ya balbu ya manjano hata uso mbaya unaonekana mzuri.

Uso ulikuwa wa zambarau, na mashavu yamegeuka giza tupu.

Kijana wa mashine alichapa kwanza mistari ya kupima wino. Kama ingekatika, ingekuwa dalili kwamba matundu ya wino yameziba, na kazi ya kwanza ingekuwa kuyasafisha. Mistari ilikuwa mizima. Akatazama kompyuta: aina ya karatasi ilikuwa imebaki kwenye karatasi ya kawaida, basi mashine ilipima wino isivyofaa. Akabadilisha, akapandisha mwanga kidogo, akatoa kipande cha pili. Uso ukarudi. Ila buluu kali ya kikwembe ilibaki imepoa kuliko kwenye simu.

Kijana alipoisukuma buluu ile, uso nao ukaanza kuwa baridi kama wa mgonjwa. Mashine ile ina wino nne tu, na kuna buluu na kijani za kioo cha simu ambazo wino hizo hazifikii. Mama alichagua uso.

Aliandika nyuma ya kipande kizuri aina ya karatasi na tarehe, akakaa hapo hadi kubwa itoke, akaziweka pamoja mlangoni. Kipande alikihifadhi. Shemeji yake aliye Minova naye anataka picha, na ataenda nacho mkononi.